Kiwango cha Pamoja Kisicho na Mwenyewe: Hoja ya Mrejesho wa Pili katika Amplifaya ya Tofauti Kamili

Tuchukulie geofoni iliyofukiwa katika mteremko juu ya barabara ya Mombo–Lushoto, mahali ambapo mvua za masika huweza kuporomosha udongo. Mtikisiko mdogo wa ardhi huzalisha volti ndogo mno kati ya nyaya zake mbili, na waya mrefu wa kwenda kwenye chombo cha kurekodi huokota kelele za umeme njiani. Kwa kuwa kelele hizo huingia karibu sawasawa katika nyaya zote mbili, amplifaya ya tofauti kamili, yenye maingilio mawili na matokeo mawili, huikuza tofauti na kuyapuuza yale ambayo nyaya zinashiriki. Makala haya yanadai kwamba sifa hiyo hiyo ndiyo inayoyaacha matokeo bila kiwango chake cha pamoja, yaani wastani wa volti zake mbili. Kwa hiyo mrejesho wa pili, unaoushughulikia wastani huo peke yake, ni sehemu ya lazima ya amplifaya.

Ushahidi umo katika hesabu ya mikondo. Amplifaya inatumia volti 1.8. Chini, chanzo kimoja kinavuta mikroampea 200, na jozi ya transista za kuingilia inazigawana 100 kwa 100. Juu ya kila tokeo kuna transista inayosukuma mkondo kutoka kwenye ugavi. Tuseme kila moja ya hizo za juu inasukuma 101 badala ya 100, kosa la asilimia moja tu. Mikroampea moja ya ziada haina pa kupita ila katika ukinzani wa tokeo lenyewe. Ukinzani huo ukiwa megaomu 1, volti inapaswa kupanda kwa volti 1 nzima. Tokeo lililokusudiwa kukaa kwenye volti 0.9 lingefika 1.9, juu ya ugavi wenyewe. Kabla ya kufika huko, transista ya juu hupoteza hali yake ya kuwa chanzo cha mkondo na ukuzaji huporomoka. Ukinzani mkubwa ndio unaoleta ukuzaji, na ndio huo huo unaoligeuza kila kosa dogo la mkondo kuwa volti nyingi.

Msomaji anaweza kupinga kwamba tuweke rezista badala ya transista za juu. Ni kweli, rezista za kilo-omu 9 zingeshusha volti 0.9 kwa mkondo wa mikroampea 100, na kiwango kingejulikana. Lakini kwa transista za kuingilia zinazobadili mkondo kwa mikroampea 1 kwa kila milivolti 1, ukuzaji ungekuwa mara 9 tu, ilhali vyanzo vya mkondo hutoa mamia, hata elfu moja. Tungekuwa tumeununua utulivu kwa kuiuza kazi yenyewe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mrejesho wa nje, ule unaounganisha matokeo na maingilio, ungetosha. Hautoshi. Matokeo yakipanda pamoja, maingilio nayo hupanda pamoja, na jozi, ikiwa imefungwa na chanzo kile cha chini, hubaki na mikroampea 100 kila upande. Taarifa imefika, lakini hakuna kinachoitikia. Katika amplifaya ya hatua mbili hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa ishara ya tofauti, mrejesho hufanywa hasi kwa kuzipishanisha nyaya mbili. Kwa ishara ya pamoja kupishanisha hakubadilishi kitu, hivyo mrejesho unaweza kuwa chanya na kuyagandisha matokeo yote upande mmoja.

Tiba ni kupima wastani, kuulinganisha na volti rejea ya 0.9, kisha kuirekebisha mikondo ya transista za juu. Mzunguko huo ukiwa na ukuzaji wa mara 500, kosa la volti 1 linabaki takriban milivolti 2. Gharama ipo: rezista mbili za kupima wastani zikiwa ndogo kuliko ukinzani wa matokeo, zitakula ukuzaji wa tofauti, na mzunguko wenyewe ukichelewa kuitikia, wastani utayumba baada ya kila msukosuko. Kwa hiyo uthabiti wake lazima ukaguliwe peke yake, kwa kuisukuma volti rejea ghafla na kutazama kama wastani unatulia au unatikisika.

Ugonjwa huu hujificha kwa mtu anayepima tofauti tu, kwa sababu matokeo mawili yaliyokwama kwenye ugavi husomeka sifuri, kana kwamba mteremko umetulia. Anayekagua chombo cha namna hii apime kwanza kila tokeo dhidi ya ardhi ya saketi. Sifuri ya tofauti isiaminiwe mpaka wastani uwe umethibitishwa.