Unaumwa na uko kazini Ujerumani? Hii ndiyo meseji ya kumtumia bosi

Kwetu mtu akiumwa anaomba ruhusa. Anapiga simu, anaeleza jinsi tumbo lilivyomsumbua usiku kucha, kisha anasubiri bosi aseme "haya, pumzika". Ujerumani mambo hayaendi hivyo. Mfanyakazi mgonjwa haombi, anatoa taarifa. Ukiandika "Kann ich heute bitte zu Hause bleiben?", yaani "naomba nibaki nyumbani leo", umeuliza swali, na swali linaweza kujibiwa "hapana".

Neno lingine la kuogopa ni "Urlaub". Wengi wanatafsiri "likizo ya ugonjwa" na kuandika kwamba wanachukua "Urlaub" siku tatu. Hilo ni neno la likizo ya mwaka, ile ya kupumzika. Bosi akikuelewa vibaya, siku hizo zinaweza kukatwa kwenye likizo yako. Andika tu kwamba uko "krank", mgonjwa.

Sheria inayohusika inaitwa Entgeltfortzahlungsgesetz, na kifungu chake cha 5 kinataka mambo mawili: umjulishe mwajiri bila kuchelewa kwamba huwezi kufanya kazi, na umwambie unakadiria hali hiyo itachukua muda gani. "Bila kuchelewa" kikawaida maana yake ni kabla zamu yako haijaanza. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Wanaona waende kwanza kwa daktari wapate cheti ndiyo waandike. Foleni inafika saa tano asubuhi, na kazini wenzao wamehangaika tangu alfajiri bila kujua wako wapi. Hiyo inatosha kuletewa barua ya onyo, na onyo likijirudia kazi yenyewe inaweza kwenda.

Kwa hiyo meseji ni mbili: moja kabla ya daktari, nyingine baada yake.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kenya anayesomea uuguzi kwenye nyumba ya wazee. Ni Jumanne tarehe 14 Oktoba, zamu inaanza saa 12 asubuhi. Saa kumi na nusu anaamka na homa kali. Anamwandikia msimamizi wake (jina Müller ni la mfano tu):

> Guten Morgen Frau Müller,
> leider bin ich krank und kann heute nicht zur Arbeit kommen. Ich falle voraussichtlich bis einschließlich Donnerstag aus. Ich gehe heute zum Arzt und melde mich danach noch einmal.
> Viele Grüße

Kwa Kiswahili: kwa bahati mbaya ninaumwa na leo siwezi kuja kazini. Nakadiria sitakuwepo hadi Alhamisi, Alhamisi yenyewe ikiwemo. Leo naenda kwa daktari, kisha nitakujulisha tena.

Maneno mawili hapo yanabeba mzigo wote. "Voraussichtlich" ni "kwa makadirio": hujaapa kwamba Ijumaa utakuwa mzima, umekadiria tu kama sheria inavyotaka. "Bis einschließlich" ni "hadi na siku hiyo ikiwemo". Ukiandika "bis Donnerstag" peke yake, mtu anaweza kuelewa kwamba Alhamisi unarudi, akakupangia zamu.

Umeona hakuna habari ya homa wala tumbo. Bosi hana haki ya kujua unaumwa nini, isipokuwa hali maalum, kwa mfano umeumia ukiwa kazini. Akiuliza kwa wema tu, "bado sijisikii vizuri" inatosha.

Meseji iende kwa nani? Kwa yule aliyetajwa na kazi yako kwamba ndiye wa kupokea taarifa hizi, na kwa njia wanayoitumia pale. Kumtumia rafiki unayefanya naye kazi ili "amwambie bosi" ni hatari, kwa sababu akisahau, kosa ni lako. Na meseji isiyosomwa haimsaidii mtu. Huyu kijana wetu akiona saa 11 na nusu alama ya kusomwa bado haijatokea, apige simu kwenye wodi, kisha aitunze ile meseji kwenye simu yake.

Saa nne anaonana na daktari, anapewa mapumziko hadi Ijumaa. Bongo tungesema kapewa ED. Sasa meseji ya pili:

> Guten Tag Frau Müller,
> ich war beim Arzt und bin von heute bis einschließlich Freitag, 17.10., krankgeschrieben. Die eAU können Sie bei meiner Krankenkasse abrufen.
> Viele Grüße

Sentensi ya mwisho inamwambia mwajiri achukue cheti cha kielektroniki kwenye bima yako ya afya. Tangu tarehe 1 Januari 2023, kwa walio kwenye bima ya afya ya umma, daktari anatuma cheti kwa bima kwa mtandao, na mwajiri anakichukua huko. Wewe hupeleki karatasi. Lakini mwajiri hatumiwi cheti hicho moja kwa moja, lazima akiombe, na hawezi kuomba kitu asichojua kipo. Ndiyo maana meseji hii bado inahitajika. Wenye bima binafsi, au waliotibiwa nje ya Ujerumani, bado wanapeleka karatasi.

Angalizo kuhusu ile karatasi unayopewa mkononi kwa daktari: nakala ya mgonjwa ina namba ya ugonjwa wako. Usiipige picha ukamtumia bosi. Akihitaji karatasi, mwombe daktari nakala ya mwajiri, ambayo haina namba hiyo.

Je, cheti ni lazima kila mara? Sheria inasema ugonjwa ukizidi siku tatu za kalenda, cheti kiwepo ifikapo siku ya kazi inayofuata. Siku za kalenda zinahesabu wikendi pia. Aliyeanza kuumwa Ijumaa ameshamaliza siku tatu Jumapili usiku, hivyo Jumatatu akiwa bado kitandani anahitaji cheti siku hiyohiyo, hata kama anaona amekosa kazi "siku moja na nusu". Halafu mwajiri anaruhusiwa kukitaka mapema zaidi, hata siku ya kwanza, kwa hiyo soma mkataba wako kabla hujaugua.

Mshahara unaendelea hadi wiki sita za ugonjwa mmoja, mradi ajira imeshafikisha wiki nne mfululizo. Aliyeanza kazi juzi analipwa na bima ya afya, na kiasi kinakuwa kidogo kuliko mshahara.

Turudi kwa kijana wetu. Wikendi hakuwa na zamu, lakini Jumatatu alfajiri homa bado ipo. Cheti cha kwanza kimeisha Ijumaa, kwa hiyo utaratibu unaanza upya: meseji kabla ya saa 12, daktari siku hiyohiyo, kisha hii:

> Guten Tag Frau Müller,
> leider bin ich noch nicht gesund. Ich bin weiterhin krankgeschrieben, bis einschließlich Mittwoch, 22.10.
> Viele Grüße

"Weiterhin" ni "bado naendelea", na ndilo linalomwonyesha bosi kwamba ni ugonjwa uleule umeongezewa siku. Na kwa kuwa yeye ni mwanafunzi wa kazi, kama moja ya siku hizo ilikuwa ya darasani, shule ya ufundi nayo inapelekewa taarifa yake. Kumwandikia Frau Müller hakumfikii mwalimu.