Leo Fedha, Kesho Mkopo

Kati ya maneno yote ya kuchekesha yaliyoandikwa kwenye vibanda vya chakula na vinyozi vya Afrika Mashariki, ninayoyaheshimu zaidi ni haya manne: "Leo fedha, kesho mkopo." Mteja akirudi kesho, ubao unamwambia vilevile.

Ufundi huu wa kusema bila kufungua mdomo ulitangulia vibanda. Kanga zilianza kubeba maandishi mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na kampuni ya Kaderdina ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1887, ndiyo inayotajwa sana katika habari hiyo. Mwanamke alivaa jina la kanga, jirani akasoma, ujumbe ukafika bila ugomvi. Mwenye kibanda naye anahitaji kinga hiyohiyo, maana anayemwomba mkopo ni mtu wa mtaa wake: wanazikana, wanachangiana harusi. Kumnyima ana kwa ana ni kumvunjia heshima. Ubao unawanyima wote kwa pamoja, tena wakicheka.

Na hana budi kunyima. Tuchukulie sahani ya wali maharage inauzwa shilingi 2,000, na mchele, mkaa na mafuta vimekula 1,700. Sahani moja isiyolipwa inadai faida ya sahani sita ili pengo lizibwe, na mtaji wenyewe ndio wa kwenda nao sokoni alfajiri. Ndiyo maana methali "Kukopa harusi, kulipa matanga" imehamia ukutani. Kinyozi ana shida zaidi, kwani kazi yake huondoka na kichwa cha mdaiwa. Mimi ningemwandikia: "Nywele haziwekwi rehani."

Ufupi nao ulitokana na brashi. Fundi wa maandishi hupaka rangi ya chini, huiacha ikauke, huchora mistari miwili ya penseli, kisha hugawa nafasi za herufi kabla ya kugusa rangi ya pili. Asiyegawa utamjua: neno la mwisho limebanwa ukingoni, au herufi moja imeshuka mstari wa chini peke yake. Maneno manne yanaenea kwenye kipande cha bati na yanasomeka na mtu anayepita bila kusimama.

Hata hivyo ubao haumfungi kila mtu. Chini ya meza lipo daftari la wateja wa kudumu, wanaolipa mwisho wa mwezi. Mzaha ule ni wa wageni na wa wale waliokwisha kuharibu jina.

Nchini Kenya, M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, kisingizio cha kukosa chenji kilianza kupungua. Kisha mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio likiwa halitoshi. Sasa mwenye kibanda hulipwa palepale, naye mlaji hubaki na deni, ila anadaiwa na simu, na simu haimwonei haya jirani.