Chati ya Ukuaji wa Mtoto

Chati ya ukuaji ni mchoro unaoonyesha uzito au urefu wa mtoto kadiri umri wake unavyosonga, ukilinganishwa na watoto wengine wa umri na jinsia yake. Afrika Mashariki mchoro huo hukaa ndani ya kadi ya kliniki, au kitabu cha mama na mtoto kama kilivyo Kenya, na hujazwa kila mtoto anapopelekwa kupimwa. Umri wa miezi husomwa chini, uzito wa kilo husomwa pembeni, na katikati hupita mistari iliyopinda, inayopanda kwa kasi miezi ya mwanzo kisha ikalegea.

Mistari hiyo ndiyo huitwa pasentaili. Chati za Shirika la Afya Duniani huwa na mitano: ya 3, 15, 50, 85 na 97. Maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Wapange watoto 100 wenye afya, wa umri na jinsia moja, kuanzia mwepesi hadi mzito. Aliye kwenye mstari wa 15 amewapita wenzake 15 hivi na kuachwa na 85. Mstari wa 50 ni wa katikati. Si alama ya ufaulu, ingawa mzazi aliyezoea ripoti za shule huusoma hivyo na kurudi nyumbani amenuna kwa sababu mwanawe "amepata 15". Katika kila watoto 100 wazima, lazima 15 wawe chini ya mstari huo. Kadi nyingine hutumia mistari ya namba 0, -2 na -3 badala ya pasentaili: 0 ni ile ile ya 50, na -2 hupita chini kidogo tu ya pasentaili ya 3.

Watoto waliochorewa mistari hii ni wa kweli. Kati ya mwaka 1997 na 2003 walipimwa watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa wanaonyonya maziwa ya mama, ambao mama zao hawavuti sigara na wanaoishi katika mazingira yasiyokwamisha ukuaji. Mtoto wa Maskati na mtoto wa Oslo, wakilishwa na kutunzwa vizuri, walirefuka kwa namna inayokaribiana mno, ndiyo maana chati iliyotolewa mwaka 2006 inatumika katika nchi nyingi duniani. Chati ya kimataifa iliyotangulia ilitokana na watoto wa Marekani, wachanga wao wengi wakiwa wamelelewa kwa maziwa ya chupa. Juu ya chati ile, mtoto anayenyonya vizuri alionekana kuanza kushuka baada ya miezi michache, na mama akashauriwa ampe uji kabla ya wakati. Kosa lilikuwa la karatasi, si la ziwa.

Jambo la kuangaliwa hasa ni mwelekeo wa nukta zikiunganishwa. Nukta moja pekee haina mengi ya kusema. Chukua mfano wa watoto wawili wa miezi 9 waliokaa benchi moja siku ya kliniki.

Wa kwanza ni binti aliyezaliwa na kilo 2.8. Miezi 3 alikuwa na 5.1, miezi 6 akawa na 6.4, na leo mzani umesoma 7.3. Wa pili ni mvulana aliyezaliwa na kilo 3.3, akafika 7.9 alipotimiza miezi 6. Mwezi wa 7 alipimwa 8.0, wa 8 akawa 7.9, na leo ni 7.9 tena. Kwa macho mvulana ndiye mnene, na benchi zima lingemtaja binti kuwa ndiye wa kuhangaikiwa.

Chati inasema kinyume. Leo wote wawili wako kwenye pasentaili ya 15, kila mmoja katika chati ya jinsia yake, lakini wamefika hapo kwa njia mbili tofauti. Binti ameufuata mstari huo tangu kuzaliwa. Ni mwembamba wa asili na anakua kama inavyotakiwa. Mvulana alikuwa kwenye mstari wa 50, ambao kati ya miezi 6 na 9 hupanda kutoka kilo 7.9 hadi 8.9. Yeye hakuongeza hata gramu. Mstari wake umelala kama sakafu huku mistari iliyochapishwa ikimpita kwenda juu, na bado hajafika chini ya mstari wa 3 ambako angeandikwa kuwa na uzito pungufu. Anayesubiri afike huko amechelewa.

Nesi makini haanzi na lawama. Anaanza na mzani. Mzani wa kuning'iniza hurudishwa sifuri suruali ya kupimia ikiwa tayari imening'inia, mtoto huvuliwa nguo na nepi iliyolowa, na namba husomwa akiwa ametulia. Kisha huhesabiwa umri upya, kwa miezi iliyotimia. Nukta iliyowekwa mwezi mmoja mbele humshusha mtoto ambaye hajashuka. Aliyezaliwa njiti huhesabiwa kwa kupunguza majuma aliyowahi kuzaliwa, la sivyo ataonekana amedumaa bure.

Vipimo vya mvulana vilikuwa sahihi, basi yakafuata maswali.

"Mama, uji unampikia mzito au mwepesi?"

"Mwepesi, nesi, ili aumeze upesi."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni. Na mwezi juzi aliharisha wiki nzima."

Majibu hayo yaliangukia pale pale nukta zilipoanza kulala. Baada ya miezi 6 maziwa ya mama hayatoshi peke yake, na uji mwepesi wa mahindi hujaza tumbo kwa maji. Mama alielekezwa apike uji usiomiminika ovyo kutoka kwenye kijiko, aongeze karanga zilizosagwa au mafuta kidogo, ampe mara tatu hadi nne kwa siku, aendelee kumnyonyesha, na arudi baada ya wiki mbili badala ya mwezi.

Si kila kuvuka mstari ni ugonjwa. Mchanga hupungua kidogo siku za kwanza na kwa kawaida huurudisha uzito huo ndani ya wiki mbili. Aliyezaliwa mkubwa anaweza kuteremka taratibu miezi ya mwanzo hadi akapata mstari wake. Na chati ya uzito ina upofu wake. Haimtofautishi mfupi aliyejaa na mrefu aliyekonda, hivyo udumavu hutafutwa kwenye chati ya urefu. Mbaya zaidi ni uvimbe: mtoto mwenye kwashakoo hubeba maji mwilini, nukta yake ikapanda wakati yeye anazidi kudhoofu. Kwa hiyo miguu hubonyezwa kwa kidole gumba, na kishimo kikibaki kwenye miguu yote miwili, hupewa rufaa siku hiyo hiyo bila kujali mzani umesema nini.

Yule mvulana alirudi wiki mbili baadaye na kilo 8.1. Alipotimiza miezi 10 alikuwa na 8.4, juu kidogo ya mstari wa 15 ambao mwezi huo hupita kwenye 8.2. Bado yuko mbali na mstari wake wa zamani, unaofika 9.2, lakini kipande kipya cha penseli kimesimama kuliko mistari yote iliyo pembeni yake, na tarehe iliyoandikwa kwenye kona ya kadi ni ya wiki mbili zijazo.