Kufunika mikato ya hotuba kwa picha za ziada: mfano wa Werugha

Mzee akisimama barazani hupita dakika kumi bila kuhisi, ilhali video inayozunguka kwenye simu za watu wa Voi na Mombasa haivumiliwi zaidi ya dakika tatu. Kwa hivyo hotuba itakatwa tu. Shida ni kwamba kila ukiondoa maneno katikati, picha inaruka. Kichwa kilichokuwa kimeinama kushoto ghafla kiko kulia, na mkono uliokuwa mfukoni uko hewani. Dawa ya wahariri ni kuweka picha nyingine juu ya mruko huo, huku sauti ya mzungumzaji ikiendelea chini yake. Vijana wa studio huziita bi-roli. Mimi nitaziita picha za kufunikia, maana ndiyo kazi yake hapa.

Nichukue kazi moja niliyoihariri, ya baraza lililofanyika Werugha, kule juu kwenye milima ya Taita, upande wa msitu wa Ngangao. Mzee mmoja alizungumza dakika 14 kuhusu chemchemi inayopungua maji. Kamera ilikuwa moja, imesimama kwenye stendi yake. Katika dakika ya 3 alisema mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi inakunywa maji, na ikatwe. Kisha akaingia kwenye Kidawida, akasimulia nani alipanda mti upi na mwaka gani. Dakika ya 9 akarudi kwenye Kiswahili: lakini ile iliyo mpakani mwa msitu isiguswe mpaka maafisa wa misitu waje kuiona. Kati ya maneno hayo mawili mzee alikuwa amevua kofia, na ukungu wa Werugha, ambao hauombi ruhusa, ulikuwa umeshuka nyuma yake.

Nilianza na sauti peke yake, na ndivyo ninavyofanya siku zote. Nakata hotuba yote mpaka ifike urefu ninaoutaka, bila kugusa picha ya ziada hata moja, halafu nafumba macho na kusikiliza. Sikio likijikwaa, hakuna picha itakayoliokoa. Sentensi ya Kiswahili hushuka mwishoni. Ukikata kabla haijashuka na kuunganisha na nyingine, msikilizaji anajua kuna kitu kimenyofolewa, hata kama anatazama machweo ya jua. Nakata kwenye pumzi, naiacha pumzi moja kati ya vipande viwili, na kuyeyusha mwisho wa kimoja ndani ya mwanzo wa kingine kwa fremu tatu au nne. Jogoo naye ni mshitaki mkubwa: akianza kuwika upande mmoja wa mkato na asimalize upande wa pili, umefichuka. Ndiyo maana namwomba mpiga picha arekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali pale pale kabla ya kufunga vyombo. Sauti hiyo tupu naitandika chini ya mikato yote.

Baada ya hapo ndipo picha. Huwa siifuniki mikato yote. Mtu akitoa ahadi, akitaja kiasi cha pesa, akimlaumu mtu au akilia, mtazamaji anataka kuuona uso na midomo ikisema. Picha ya bomba la maji juu ya ahadi humfanya mtu ajiulize kama kweli ilisemwa. Naweka alama kwanza mahali ambapo uso hauna budi kuonekana, na kilichobaki ndicho uwanja wa kufunikia.

Picha yenyewe ichaguliwe kwa kinachosemwa. Mzee akitaja chemchemi, onyesha chemchemi, au akina mama na mitungi yao ikiwa walipigwa picha siku ile. Ikiwa hakuna cha kuonyesha, tumia wasikilizaji. Lakini angalia mambo mawili. Msikilizaji asiwe anaikodolea kamera macho, na midomo ya mzungumzaji isionekane pembeni ya picha, kwa sababu itakuwa inasema maneno mengine. Mpiga picha mwenye kamera moja hana budi kubaki baada ya hotuba, au kusogea katikati yake kukiwa na maneno marefu ya shukrani, akachukua mikono, bakora, nyuso, na mgongo wa mzee akielekea watu. Kila picha aishike sekunde kumi bila kutikisika. Sekunde tatu za haraka haraka hazinisaidii, maana nikishatoa mtikisiko wa mwanzo na wa mwisho hakibaki kitu.

Mahali pa kuiweka ndipo wengi wanapobahatisha. Picha ikianza pale pale mkato ulipo, inaonekana kama kiraka. Mimi naiingiza kama sekunde moja kabla, mzungumzaji akiwa bado kwenye sentensi ya kwanza, kwa hivyo jicho linakuwa limeshaondoka usoni mkato unapopita. Narudi usoni sentensi mpya inapoanza, au baada ya maneno yake machache. Kwa kawaida sekunde tatu hadi tano zinatosha. Kwa kofia iliyovuliwa nilihitaji zaidi, kama sekunde sita za picha mbili, ili mtazamaji akubali kwamba muda umepita na mtu amevua kofia yake. Ukungu ulikuwa mgumu zaidi. Picha za wasikilizaji waking'aa juani haziwezi kukaa kati ya mzee wa juani na mzee wa ukunguni bila kuufanya mruko uonekane zaidi. Nilitumia picha ya karibu ya maji yakitoka kwenye jiwe, ambayo haina anga ndani yake.

Sasa tuje kwenye mkato wenyewe. Ningeweza kuishia dakika ya 3, "mikaratusi ikatwe", nikarukia shukrani za mwisho, nikafunika kwa picha ya watu wakipiga makofi. Ingekuwa safi, na hakuna ambaye angeona mshono. Lakini mtu angeitazama jioni, asubuhi akachukua shoka mpaka mpakani mwa msitu, akidhani mzee amesema. Na makofi yale yalipigwa kwa ajili ya jambo lingine kabisa.

Si jambo la vijijini tu. Kipindi cha Panorama cha BBC kilichorushwa Oktoba 2024 kiliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, vilivyokuwa vimetengana kwa zaidi ya dakika 50, vikasikika kama kauli moja. Novemba 2025, suala hilo lilipolipuka, mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu.

Kipimo changu ni hiki: naiondoa picha ya kufunikia na kutazama mkato ukiwa uchi. Je, mzee mwenyewe akiketi kando yangu atasema "ndivyo nilivyosema"? Akikubali, naufunika. Nikisita, ama narudisha maneno niliyoyatoa, ama nauacha mkato uonekane kwa mweko mweupe mfupi, kila mtu ajue hapa pameruka. Njia nyingine ni kumvuta mzungumzaji karibu kwa kukuza picha kiasi, lakini hiyo inahitaji kamera iliyorekodi kwa ukubwa kuliko utakaouonyesha, la sivyo uso unafifia.

Video ya Werugha ilitoka dakika 2 na sekunde 50, yenye mikato minne. Mitatu niliifunika. Simulizi la Kidawida niliruka kwa maji ya kwenye jiwe, na neno "lakini" likaanza kusikika picha ya maji ikiwa bado ipo. Kisha uso wa mzee ukarudi, bila kofia, ukungu nyuma yake, akiwa ndio kwanza anafika kwenye "isiguswe". Mkato wa nne, wa kuelekea kwenye shukrani, niliuacha wazi kwa mweko mweupe.