Kutengeneza wasilisho kwa simu janja

Kutengeneza wasilisho kwa simu janja ni kuandaa seti nzima ya slaidi, tangu ukurasa wa kichwa hadi wa mwisho, kwa kutumia simu peke yake pale ambapo kompyuta mpakato haipatikani. Kazi hii huwakuta zaidi wanafunzi wa vyuo, walimu walio katika mafunzo na viongozi wa vikundi ambao hutakiwa kuonyesha matokeo yao kwa projekta, ilhali kompyuta iliyopo ni ile moja ya ofisini ambayo hawataigusa hadi dakika chache kabla ya kusimama mbele ya watu.

Programu zinazotumika sana ni Google Slides na PowerPoint, ambazo zote zina toleo la simu. Makala hii inafuata Google Slides kwenye simu za Android, ila mengi yaliyomo yanafaa pia kwa PowerPoint. Simu inaweza kufanya karibu kila kitu kinachohusu maneno na picha. Inaposhindwa ni kwenye upangaji wa sura: kunyoosha vitu mstari mmoja, kubadilisha mtindo wa slaidi zote kwa pamoja na kuweka miondoko. Kwa hiyo anayetumia simu anapaswa kujua kazi ipi aimalize sasa na ipi aiache mpaka apate kompyuta, na aifanye ile ya sasa kwa namna ambayo haitamlazimu kuanza upya baadaye.

## Mfano wa kazi

Tuchukue mwanafunzi wa chuo cha ualimu aliyepewa dakika 10 kueleza kiasi cha maji ya mvua kinachoweza kuvunwa kutoka kwenye paa la darasa. Amepima paa akapata mita 15 kwa mita 8, yaani mita za mraba 120. Kwa kipimo cha mvua cha shule ameandika milimita 90 kwa Machi, 140 kwa Aprili na 60 kwa Mei. Ana picha alizopiga mwenyewe, daftari la vipimo, na simu.

Hatua ya kwanza haifanyiki kwenye simu. Anachukua karatasi na kuandika vichwa saba vya slaidi, kila kimoja kikiwa sentensi kamili: "Shule hununua maji kila kiangazi", "Paa moja lina mita za mraba 120", "Mvua ya miezi mitatu ni milimita 290", "Paa hilo lingetoa lita 27,840", na kadhalika. Sababu ya kutumia karatasi ni ya kimatendo. Kwenye kioo cha simu huonekana slaidi moja tu kwa ukubwa wa kusomeka, hivyo ni vigumu kuona kama hoja ya tatu inafuata ya pili. Mtu anayeanza moja kwa moja kwenye simu mara nyingi hugundua ameeleza jambo moja mara mbili, na kuhamisha slaidi kwa kidole kunachosha.

Hesabu nayo humalizwa kabla ya slaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 290 mara mita 120 ni lita 34,800. Mwanafunzi huyu amechukua asilimia 80 ya kiasi hicho, kwa kuwa maji mengine hurukia nje au hupotea kwenye mifereji, na amepata 27,840.

## Visanduku vya mpangilio

Baada ya kufungua wasilisho jipya, alama ya kujumlisha inayoongeza slaidi huleta orodha ya mipangilio: `Title slide`, `Title and body`, `Title only`, `Big number` na mingineyo. Kila mpangilio una visanduku vyake vyenye maandishi hafifu, kimoja cha kichwa na kingine cha maelezo. Hapa ndipo wengi hukosea. Huchagua `Blank`, yaani slaidi tupu, kisha huongeza visanduku vyao vya maandishi na kuvivuta mpaka mahali wanapopapenda. Kwenye kioo kidogo matokeo huonekana sawa kabisa.

Tofauti hujitokeza siku kompyuta inapopatikana. Kichwa kilichoandikwa ndani ya kisanduku cha mpangilio kinafungamana na mtindo mkuu wa wasilisho. Kwenye kompyuta, mtu akifungua `View` kisha `Theme builder`, akibadilisha ukubwa au rangi ya kichwa pale mara moja, vichwa vyote vinavyotumia mpangilio huo vinafuata. Kisanduku kilichoongezwa kwa mkono hakifungamani na chochote. Kikiwa kwenye slaidi saba, kitarekebishwa mara saba.

Kuna mtego wa pili ambao hauonekani upesi. Hata ndani ya kisanduku sahihi, ukibadilisha rangi au ukubwa wa herufi kwa mkono kwenye slaidi moja, badiliko hilo lina nguvu kuliko mtindo mkuu. Baadaye mtindo mkuu ukibadilishwa, slaidi hiyo hubaki na sura yake ya zamani. Ndiyo maana, wakati wa kutumia simu, ni afadhali kuacha herufi na rangi zilivyo, hata kama wasilisho linaonekana limepoa. Maandishi meusi juu ya weupe hayana mvuto, lakini husomeka hata katika chumba kisicho na mapazia, ambapo rangi za kufifia zinazong'aa vizuri kwenye simu hupotea zikipita kwenye projekta.

Kwa slaidi ya lita 27,840 mwanafunzi wetu anatumia `Big number`, ambayo ina nafasi ya namba kubwa na mstari wa maelezo chini yake. Zilizobaki ni `Title and body` na `Title only`. Mipangilio hiyo mitatu, pamoja na ukurasa wa kichwa, inatosha kwa kazi nyingi za shule.

## Picha na chati

Picha zipigwe simu ikiwa imelazwa. Picha iliyopigwa simu ikiwa wima huacha pande mbili za slaidi tupu, na kuitanua ijaze nafasi hukata sehemu muhimu. Kukata na kung'arisha kufanyike kwenye programu ya picha ya simu kabla ya kuingiza, kwa sababu ndani ya slaidi kidole hufunika ukingo uleule kinaotaka kuusogeza. Kwa sababu hiyohiyo, slaidi moja ibebe picha moja. Kupanga picha mbili ziwe sawa kwa urefu ni kazi ya dakika moja kwa kipanya, na ya robo saa kwa kidole.

Toleo la simu la Google Slides haliundi chati. Njia inayotumika ni kuandika vipimo kwenye Google Sheets, kuvichagua, kugusa alama ya kujumlisha na kuchagua `Chart`, kisha kupiga picha ya skrini, kuikata na kuiingiza kwenye slaidi ya `Title only`. Simu ilazwe kabla ya kupiga picha ya skrini, la sivyo majina ya miezi yatatoka madogo mno. Lakini picha ya chati haijui hesabu. Mwanafunzi akigundua kwamba Mei ilikuwa milimita 66 badala ya 60, lazima atengeneze chati upya, na pia abadilishe jumla kuwa 296 na jibu la mwisho kuwa lita 28,416. Inafaa kuandika jina la faili la vipimo kwenye sehemu ya maelezo ya msemaji chini ya slaidi, ili baadaye lipatikane bila kutafuta.

## Kupima usomekaji

Anayeandika kwenye simu huishika karibu na macho na mara kwa mara huikuza slaidi kwa vidole viwili. Kwa hiyo karibu kila ukubwa wa herufi humtosha. Kuna jaribio rahisi. Kwenye simu nyingi za sasa, slaidi iliyojaza kioo simu ikiwa imelazwa ina upana wa sentimita 12 hivi. Ikitazamwa kutoka sentimita 48, huchukua nafasi ileile machoni kama picha ya projekta yenye upana wa mita 2 ikitazamwa kutoka mita 8, ambapo pengine ndipo kilipo kiti cha nyuma. Simu ikiegemezwa mezani kwa umbali huo, bila kukuza, mstari usiosomeka hapo hautasomeka darasani. Dawa yake ni kupunguza maneno na kuyahamishia kwenye maelezo ya msemaji. Kupunguza herufi ili maneno yaenee huongeza tatizo.

## Mambo ya kuahirisha na yasiyoahirishika

Mandhari ya rangi, nembo ya chuo kwenye kila ukurasa, namba za slaidi, miondoko, na chati inayofuata vipimo vyenyewe vyote vinaweza kungoja kompyuta. Kompyuta isipopatikana kabisa, wasilisho bado linasimama bila hivyo. Kuvilazimisha kwenye simu, kwa mfano kubandika nembo kwa mkono kwenye kila slaidi, hutengeneza makosa saba madogo ambayo mtu mwingine atayafuta moja moja.

Vipimo na vizio vyake, mahali picha ilipopigwa, na tahajia haviahirishwi. Jambo la mwisho lina adui wake kwenye simu. Kibodi iliyowekwa lugha ya Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili yenyewe bila kuuliza, na mwandishi huona kosa likiwa tayari ukutani. Kiswahili kiongezwe kwenye lugha za kibodi, au usahihishaji wa kujiendesha uzimwe kabla ya kuandika neno la kwanza.

## Kutoa faili

Wasilisho huhifadhiwa kwa namna mbili kupitia `Share & export` kisha `Save as`. Faili ya PDF hubeba herufi zake, hivyo sura yake haibadiliki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Faili ya `.pptx` inaweza kuhaririwa, lakini kompyuta isiyo na aina ya herufi iliyotumika huweka nyingine, na mstari uliokuwa mmoja unaweza kuwa miwili na kumwagikia nje ya kisanduku. PDF ndiyo ya kuonyesha, na `.pptx` ndiyo ya kumalizia kazi zilizoahirishwa.

Faili ikitumwa kwa WhatsApp itumwe kama `Document`. Kutuma picha za skrini za slaidi, kama wengine wafanyavyo, hupunguza ubora na kumlazimu mpokeaji kufungua moja moja. Palipo na shaka ya mtandao, faili iwekwe pia kwenye flashi kwa kiunganishi cha OTG, ikiwa simu inakikubali. Kisha PDF ifunguliwe kutoka kwenye flashi hiyo, na kurasa zihesabiwe. Kwa kuwa PDF hiyo huonyesha slaidi tu, maelezo ya msemaji hubaki kwenye simu, na wasilisho liwekwe liweze kufunguka bila mtandao kwa kuchagua `Make available offline` mapema, bando likiwa bado lipo. Wakati PDF iko ukutani kutoka kompyuta ya ofisi, mwanafunzi anashika simu yake mkononi na kusoma humo alichojiandikia chini ya kila slaidi.