Safari ya pori katika mchezo wa dadu: namna ya kupanga watakaokutwa njiani

Katika michezo ya hadithi kama Dungeons & Dragons, uliotoka Amerika mwaka 1974, kila mchezaji anashika mtu wake ndani ya hadithi, na mwongozaji anawaeleza wanachokiona. Wakivuka pori, mwongozaji hachagui tu watakutana na nini. Anatupa dadu, kisha anasoma jibu kwenye orodha aliyotayarisha mapema. Orodha ikipangwa vibaya, kundi lote linakufa siku ya kwanza, ao safari nzima inakuwa kupigana na wanyama, basi.

Njia nyepesi ni kutupa dadu mbili na kujumlisha. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Jumla ya 7 inapatikana kwa namna 6, lakini 2 kwa namna moja tu, na 12 vilevile. Hii ni kusema 6, 7 na 8 zinabeba namna 16, karibu nusu, wakati 2, 3, 11 na 12 kwa pamoja zinabeba 6 tu. Kwa hiyo hatari ya kuua inawekwa kwenye ncha, na mambo ya kawaida ya njia katikati. Ukitumia dadu moja hupati hiyo, juu kila mstari unakuwa na nafasi sawa.

Tuchukue safari ya siku nne msituni. Asubuhi, mchana na usiku mwongozaji anatupa dadu moja. Ikitoka 6, kuna kukutana. Mara 12 za kutupa zinaleta, kwa kawaida, kukutana kama mara mbili. Ni kidogo, ndiyo maana kila mstari lazima useme kitu.

Kuandika «wabebaji wawili» peke yake haitoshi. Kwenye 7 andika: wabebaji wawili wa chumvi wenye mizigo mitatu, na hawataki kusema wa tatu alibaki wapi. Kwenye 5: moto uliozimwa juzi, kando yake kiatu kimoja na damu iliyokauka. Kwenye 3: mtu mwenye panga na mguu uliovunjika, anayedhani kila anayekuja ni wale waliomuacha. Kwenye 12: zimwi linalokula, halishambulii isipokuwa mtu asogee. Hata mistari miwili tu ikitoka, na kwa mpangilio wowote, wachezaji wenyewe wataanza kuulizana nini kilitokea.

Wengi wanasahau mstari uliokwisha kutumika. 7 ikirudi, wabebaji walewale hawawezi kutokea tena kama wapya. Ufute, uandike kinachofuata: mizigo mitatu imetupwa njiani, wabebaji hawapo.

Na zimwi la 12 linahitaji alama ya mbele, kama harufu ao ndege walionyamaza. Bila hiyo wachezaji hawana nafasi ya kugeuka, na kifo chao kitakuwa cha dadu tu.