Mzigo uliopotea dukani: nani analipa?

 

Tuseme dada yuko mjini, anamtuma utingo wa gari ya Jambiani ampelekee mdogo wake mzigo: doti mbili za khanga na simu. Anamwambia, "Muachie mwenye duka pale kituoni." Mwenye duka anaupokea. Jioni mdogo mtu anafika, mzigo haupo.

Asili katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunaifuata, ni kuwa mkono wa mwenye duka ni mkono wa amana. Kitu kikipotea bila ya taksiri yake, halipi. Hata ahadi ya "kikipotea nitalipa" aliyoitoa wakati wa kupokea haibadilishi hukumu hiyo.

Kwa hivyo suala la mwanzo ni wapi aliuweka. Kila kitu kina pahala pake pa kuhifadhiwa, na pahala hapo hujulikana kwa ada ya watu. Simu huwekwa ndani, nyuma ya kaunta au kwenye droo. Ikiwa aliuweka humo, akafunga duka kwenda kusali, na mwizi akavunja, hana dhamana. Ikiwa aliuacha juu ya baraza akaenda msikitini, analipa, hata kama alikuwa na nia njema. Kadhalika akiichukua ile simu akaitumia, kuanzia hapo dhamana ni yake, ijapokuwa baadaye ilipotea bila ya kosa.

Akisema tu "umeibiwa", na hakuna dalili ya uzembe, kauli yake inakubaliwa kwa kiapo. Lakini akisema duka liliungua, na majirani hawaujui moto huo, kwanza athibitishe moto, kisha ndiyo aape.

Linalotokea sana kwetu ni hili: "Nilimpa mtoto, kasema katumwa." Hapa amekosea. Mwenye mali hakumruhusu kumpa mtoto yule. Na hata akidai kuwa alimkabidhi mdogo mtu mwenyewe, naye akakanusha, kiapo hakimtoshi, alete ushahidi. Kiapo humtosha pale anapodai kuwa amemrudishia yule yule aliyemwekesha. Ndiyo maana daftari na saini mbele ya shahidi si kumdharau jirani.

Utingo naye? Akiacha pale alipoambiwa, ametoka. Akiona duka limefungwa akaupeleka kwa mtu mwingine kwa rai yake, bila ya udhuru na bila ya hata kupiga simu, yeye ndiye wa kuulizwa mwanzo. Nauli aliyolipwa haimfanyi mdhamini. Taksiri ndiyo inayomfanya.

Anayelazimika kulipa, hulipa thamani ya vitu vile kama vilivyokuwa siku vilipopotea. Simu iliyotumika miaka mitatu hailipwi kwa bei ya mpya.

Wakishindwa kuelewana, waanze kwa sheha na wazee. Mahakama ya Kadhi kwetu husikiliza ndoa, talaka, mirathi na mfano wake. Dai la mzigo hupelekwa mahakama za kawaida.

Wallahu aalam.